Umri wa Floti na Umri wa Mizunguko katika Betri za Akiba za Risasi na Asidi: Athari ya Joto la Kabati katika Mazingira ya Ringwani, Mkoani Mara

Ikisiri

Betri ya akiba ya risasi na asidi huwa na umri wa aina mbili: umri inaoupoteza ikiwa imesubiri tu, na umri inaoupoteza inapotumika. Makala hii inafafanua tofauti ya umri huo, kisha inaonesha jinsi joto linavyoufupisha ule wa kwanza. Mfano unaotumika ni kabati la betri la mnara wa simu katika mazingira ya Ringwani. Hoja inayojengwa ni kwamba eneo lenye hewa ya wastani linaweza kuua betri kwa joto, kwa kuwa betri haiishi katika hewa ya eneo bali katika hewa ya kabati. Na kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa hubadili jibu la hesabu kwa miaka kadhaa.

1.0 Utangulizi

Ringwani ipo katika Wilaya ya Serengeti, kwenye nyanda zilizo juu kuliko Ziwa Viktoria, ambalo uso wake upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya mwinuko huo, hewa yake si ya joto kama ya Dar es Salaam au Tanga, na usiku huhitaji blanketi. Hali hiyo huzaa dhana kwamba betri zilizowekwa huko zina nafuu ya hali ya hewa. Dhana hiyo ni sahihi kwa betri iliyowekwa chini ya mwembe. Si sahihi kwa betri iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma lisilo na kivuli, pamoja na chaja inayotoa joto mchana na usiku.

Suala hili si la ufundi mtupu. Tangu mwaka 2022 mfumo wa m-mama umekuwa ukisambazwa nchini kote, na kupitia namba 115 mjamzito au mtoa huduma wa afya huomba usafiri wa dharura. Ombi hilo ni simu, na simu hutegemea mnara. Umeme wa gridi unapokatika usiku, mnara hubaki hewani kwa muda ambao betri zake zinaweza kuubeba. Betri iliyoandikwa saa kumi kwenye michoro lakini ikabakiwa na saa moja na nusu kwa sababu imezeeka bila mtu kujua ni hatari kuliko betri iliyokwisha kabisa, kwa maana hii ya pili angalau imekwishaonekana na kubadilishwa.

2.0 Umri wa aina mbili

Seli ya risasi na asidi ina bamba chanya lenye dioksidi ya risasi, bamba hasi lenye risasi yenye vinyweleo, na asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Kila bamba huwa na kiunzi cha risasi ngumu kinachoshikilia maada tendaji na kupitisha mkondo. Katika betri za akiba zilizozibwa, asidi hiyo hunyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya mabamba, na juu yake kuna vali ndogo inayofunguka tu shinikizo la gesi linapozidi. Seli moja hutoa volti 2. Sita hufanya betri ya volti 12. Na betri nne zikiunganishwa kwa mfuatano hufanya safu ya volti 48, ambayo ndiyo ya kawaida katika minara ya simu.

Betri ya akiba hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikiwa imejaa. Chaja haiiachi peke yake, kwa kuwa ikiachwa hupoteza chaji polepole. Badala yake huishikilia katika volteji isiyobadilika, iliyo juu kidogo ya volteji ya betri iliyojaa na kutulia. Mafundi huiita hali hiyo chaji ya floti. Kwa betri zilizozibwa, watengenezaji wengi hutaka volti 2.25 hadi 2.30 kwa seli katika jotoridi la nyuzi 25 za Selisiasi. Ikichukuliwa volti 2.27, safu ya seli 24 itashikiliwa kwenye volti 54.5. Umri wa floti ni miaka ambayo betri iliyoshikiliwa hivyo, bila kutumika isipokuwa kwa nadra, itachukua hadi uwezo wake ushuke kufikia asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa. Kikomo hicho cha asilimia 80 ndicho kinachotumika katika miongozo ya IEEE 450 kwa betri za maji na IEEE 1188 kwa betri zilizozibwa, na sababu yake ni kwamba baada ya hapo uwezo huporomoka kwa kasi.

Umri wa mizunguko hauhesabiwi kwa miaka bali kwa idadi ya safari ambazo betri hutoa chaji na kujazwa tena. Idadi hiyo hutegemea sana kina cha kila safari. Betri ya akiba ya kawaida inayoweza kustahimili mizunguko 250 hivi ya kumalizwa kabisa inaweza kustahimili zaidi ya 1,000 ikiwa kila safari inachukua robo tu ya uwezo wake. Hapa msomaji wa jedwali la mtengenezaji anapaswa kuwa macho: michoro mingi ya mizunguko huhesabu mwisho wa betri kuwa asilimia 60 ya uwezo, ilhali umri wa floti huhesabiwa hadi asilimia 80. Namba mbili zilizochapishwa katika ukurasa mmoja huwa hazimaanishi kifo kimoja.

Tofauti ya msingi, hata hivyo, ni ya ndani ya seli. Kila mzunguko hubadili maada tendaji kuwa salfeti ya risasi na kuirudisha. Salfeti huchukua nafasi kubwa kuliko dioksidi ya risasi, hivyo bamba chanya huvimba na kunywea, na hatimaye maada yake hulainika na kuachana na kiunzi. Betri inayokufa kwa mizunguko hufa katika maada tendaji. Betri inayokufa kwa floti hufa katika kiunzi. Volteji ya floti hulazimisha mkondo mdogo usiokoma kupita kwenye bamba chanya, na sehemu ya mkondo huo hugeuza risasi ya kiunzi chenyewe kuwa dioksidi. Kiunzi hulika kama bati la mabanda ya pwani linavyolika, isipokuwa kwamba mazao ya ulikaji huo huwa manene kuliko risasi iliyoliwa. Kwa hiyo kiunzi hurefuka, hupasuka, na huachia maada tendaji iliyo bado nzima. Katika betri iliyozibwa kuna hasara ya pili inayoambatana na hiyo: ulikaji hutumia oksijeni ya maji, haidrojeni hutoroka kupitia vali, na mkeka wa kioo hukauka taratibu bila njia ya kuongezewa maji.

Hakuna volteji ya floti inayoondoa ulikaji. Ikipandishwa, gesi na ulikaji huongezeka; ikishushwa mno, bamba hubaki na salfeti isiyogeuzwa ambayo huganda, na hata kinga ya kiunzi hudhoofika. Volti 2.27 ni suluhu ya mivutano hiyo, wala si hali ya usalama kamili.

3.0 Joto na umri wa floti

Ulikaji wa kiunzi ni mmenyuko wa kikemia, na kasi yake hupanda jotoridi linapopanda. Kanuni inayotumika katika fani hii ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa floti kwa nusu:

L = L25 / 2^((T − 25)/10)

Katika fomula hiyo L25 ni umri katika nyuzi 25, na T ni jotoridi la betri. Kanuni hii ni ufupisho wa mlinganyo wa Arrhenius. Kasi inayojirudia maradufu kati ya nyuzi 25 na 35 inalingana na nishati ya uamilishaji ya takriban kilojuli 53 kwa moli, kiwango kinachokubalika kwa ulikaji wa risasi. Nje ya masafa ya kawaida kanuni hulegea. Juu ya nyuzi 50 hivi, ukaukaji wa mkeka unaweza kuitangulia kazi ya ulikaji, na vifuniko vya plastiki navyo huanza kulainika. Ndiyo maana majaribio ya uzeeshaji wa haraka, kama yale ya nyuzi 40 na ya nyuzi 55 au 60 yaliyomo katika kiwango cha IEC 60896-21, yanahitaji tahadhari yanapotafsiriwa kuwa miaka ya kawaida.

Jambo jingine linalopaswa kuangaliwa kabla ya hesabu yoyote ni jotoridi ambalo mtengenezaji amelitumia. Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika umri wa betri kwa nyuzi 20. Wengi wa Asia na Marekani huuandika kwa nyuzi 25. Betri ya miaka 10 kwa nyuzi 20 ni betri ya miaka 7 tu kwa nyuzi 25, kwa kuwa 2 ikipewa kipeo cha 0.5 ni 1.41. Mnunuzi akilinganisha maandishi mawili ya miaka 10 bila kusoma nyuzi zilizoandikwa pembeni, huwa amelinganisha betri mbili zisizolingana.

4.0 Mfano wa kabati moja

Chukulia kabati la chuma lililopo wazi juani, lenye chaja na redio katika sehemu ya juu na betri nne za volti 12 zenye ampea-saa 100 katika sehemu ya chini. Betri zimeandikwa miaka 10 kwa nyuzi 25. Mzigo ni ampea 10, kwa hiyo betri mpya hubeba mnara kwa saa 10 hivi kabla ya safu kushuka hadi volti 43.2, yaani volti 1.80 kwa seli. Takwimu za jotoridi zinazofuata ni za kukokotolea mfano. Zimechaguliwa ili zilingane na hewa ya nyanda hizo na na mwenendo wa makabati yasiyo na kivuli.

Fundi wa kwanza anatumia wastani wa hewa ya nje, nyuzi 23. Fomula inampa miaka 11.5, na anaandika kwamba betri zitazidi ahadi ya mtengenezaji.

Fundi wa pili anatundika kipimajoto ndani ya kabati. Kinaonesha nyuzi 22 kwa saa 14, kuanzia jioni hadi asubuhi, na nyuzi 46 kwa saa 10 za jua. Wastani wa masomo hayo ni nyuzi 32. Hata hivyo, akiingiza 32 katika fomula atakosea, kwa kuwa kinachotakiwa kuwekewa wastani ni kasi ya uzeekaji, wala si jotoridi. Katika nyuzi 22 kasi ni mara 0.81 ya ile ya nyuzi 25. Katika nyuzi 46 ni mara 4.29. Saa 14 za kasi ya kwanza na saa 10 za kasi ya pili hutoa wastani wa 2.26, na umri wa miaka 4.4. Saa za baridi ya usiku hazirudishi kilicholiwa mchana.

Fundi wa tatu anabandika kihisi kwenye ncha hasi ya betri ya katikati. Betri moja ya ukubwa huu ina uzito wa kilo 30 hivi, na uzito huo hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Kihisi kinaonesha nyuzi 28 kwa nusu ya siku na 36 kwa nusu nyingine. Wastani ni nyuzi 32 zilezile, lakini mawimbi yamepungua. Kasi ni 1.23 na 2.14, wastani wake 1.69, na umri ni miaka 5.9.

Kabati ni moja, siku ni moja, na majibu ni miaka 11.5, 4.4 na 5.9. Jibu la tatu ndilo la kutumia, kwa sababu ulikaji unatokea ndani ya bamba, na bamba halijui jotoridi la hewa. La kwanza ndilo linaloonekana mara nyingi katika makadirio ya bajeti, nalo huahirisha ununuzi kwa miaka mitano ambayo betri haina. Endapo betri hizo zingekuwa za miaka 10 kwa nyuzi 20, jibu la fundi wa tatu lingeshuka hadi miaka 4.2.

Sasa ongeza matumizi. Ikichukuliwa kwamba umeme hukatika mara mbili kwa wiki kwa saa mbili kila mara, kila safari huchukua ampea-saa 20, yaani asilimia 20 ya uwezo, na kwa mwaka kuna safari 104. Ikiwa mchoro wa mtengenezaji unatoa mizunguko 1,500 kwa kina hicho, mwaka mmoja unakula asilimia 6.9 ya umri wa mizunguko. Joto nalo, kwa umri wa miaka 5.9, linakula asilimia 16.9. Kujumlisha hasara hizo mbili ni kadirio tu, kwa kuwa kiunzi kilicholika hushika vibaya maada iliyolainika na kila hasara huichochea nyingine. Lakini kadirio hilo linatosha kuonesha uwiano. Jumla ni asilimia 23.8 kwa mwaka, na betri inafika mwisho baada ya miaka 4.2. Zaidi ya theluthi mbili ya kifo hicho ni ya joto, ijapokuwa kila anayeuliza huambiwa kwamba betri zimeuawa na kukatika kwa umeme.

Uwiano huo si sheria. Mahali ambapo umeme hukatika mara nne kwa wiki kwa saa sita, kina hufika asilimia 60, mizunguko inayotarajiwa hushuka hadi 450 hivi, na safari 208 za mwaka mmoja hula asilimia 46. Hapo joto linakuwa mshiriki mdogo. Betri iliyobuniwa kwa ajili ya floti haifai kabisa katika hali hiyo, hata ingeandikwa miaka 15 kwenye ubavu; inayohitajika ni betri ya mizunguko, kwa mfano yenye mabamba chanya ya mirija, ambayo hubana maada tendaji isimwagike. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayenunua betri za eneo kama Ringwani si miaka mingapi, bali ni saa ngapi za giza kwa wiki na nyuzi ngapi kwenye ncha ya betri.

5.0 Fidia ya volteji na mipaka yake

Betri ikipata joto huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa volteji ileile ya floti. Mkondo huo huzalisha joto, nalo joto huongeza mkondo. Ndani ya kabati lisilopumua, duara hilo linaweza kufika mahali ambapo betri haiwezi tena kutoa joto kwa kasi inayolizalisha. Hapo huvimba, na hata kuyeyusha kifuniko. Kinga yake ni chaja inayoshusha volteji kadiri jotoridi linavyopanda, kwa kawaida milivolti 3 kwa kila seli kwa kila uzi mmoja. Kwa seli 24 ni milivolti 72. Betri za fundi wa tatu zikiwa katika nyuzi 36, safu inatakiwa kuwa kwenye volti 53.7 badala ya 54.5.

Fidia hiyo mara nyingi hueleweka vibaya. Inaondoa chaji ya ziada ambayo joto lingeisababisha, lakini hairudishi umri ambao joto lenyewe limeuchukua. Umri wa nusu kwa kila nyuzi 10 ni ule wa betri ambayo tayari imepewa volteji sahihi. Isipofidiwa, huishi chini ya hapo.

Aidha, kihisi kikiwekwa vibaya, fidia hugeuka kuwa madhara. Waya wa kihisi ukiachwa ukining'inia karibu na chaja, husoma nyuzi 46 wakati betri ina 36. Chaja itashusha volteji hadi 53.0, yaani volti 2.21 kwa seli, na betri zitakaa kila mchana zikiwa na chaji pungufu. Baada ya miezi kadhaa salfeti huganda, na betri mpya huonekana kana kwamba imezeeka. Njia ya kuligundua kosa hili ni rahisi: mchana wenye jua, somo la jotoridi kwenye kioo cha chaja lilinganishwe na kipimajoto kilichobandikwa kwenye ncha ya betri. Tofauti ya nyuzi mbili tatu ni ya kawaida. Tofauti ya kumi ina maana kwamba kihisi hakipo kwenye betri.

6.0 Dalili za chanzo cha kifo

Betri iliyokufa huwa na ushahidi, na ushahidi huo unapaswa kusomwa kabla ya kuuzwa kama chakavu. Iliyolika kiunzi kwa joto mara nyingi huwa na ncha chanya iliyosukumwa juu au ubavu uliotanuka, kwa kuwa kiunzi kilichorefuka kimekosa nafasi. Ukinzani wake wa ndani umepanda. Volteji yake kwenye floti inaweza kuwa ya kawaida kabisa, volti 13.6 kwa betri moja, lakini mzigo ukiwekwa huporomoka ndani ya dakika chache. Iliyokauka huwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mpya kwa gramu mia kadhaa. Mizani ya kupimia mazao sokoni, ikiwa inaaminika, hutosha kuligundua hilo, mradi uzito wa siku ya kufungwa uliandikwa. Iliyochoshwa na mizunguko haiporomoki ghafla: saa zake hupungua mwezi baada ya mwezi, kumi, nane, sita, na umbo lake la nje hubaki zima. Iliyoganda salfeti hujitambulisha wakati wa kuchaji, volteji yake inaporuka juu mapema huku mkondo ukikataa kuingia.

Volteji ya floti peke yake haisemi lolote kuhusu hali hizi, jambo linalofaa kusisitizwa kwa sababu ndilo linaloandikwa katika fomu nyingi za ukaguzi. Chaja ndiyo inayoshikilia volteji hiyo. Kuipima ni kuipima chaja. Kipimo cha kweli ni kutoa chaji kwa mzigo unaojulikana na kuhesabu saa hadi volti 43.2.

Hata kipimo hicho hudanganywa na joto. Betri yenye joto hutoa uwezo mkubwa zaidi, takriban asilimia 0.6 hadi 1 kwa kila uzi, kwa kuwa asidi hupenya mabamba kwa urahisi. Safu iliyobakiwa na asilimia 78 katika nyuzi 25 inaweza kuonesha asilimia 83 au zaidi ikipimwa alasiri katika nyuzi 35, na hivyo kupita mtihani ambao kwa kweli imeuanguka. Joto linaloila betri ndilo linaloipendezesha siku ya ukaguzi. Jotoridi la ncha ya betri mwanzoni mwa jaribio lazima liandikwe na jibu lirekebishwe.

7.0 Kinachoweza kurudishwa

Katika kabati la mfano, hatua nafuu ni kivuli: paa la pili la bati lililoinuliwa juu ya kabati ili hewa ipite katikati, na rangi nyeupe. Hatua ya pili ni kuzitenga betri na chaja kwa kizuizi, na kuweka matundu chini na juu yenye wavu wa kuzuia wadudu, kwa kuwa haidrojeni inayotoka kwenye vali lazima nayo ipate njia. Kiyoyozi hakina maana mahali ambapo umeme ndio unaokosekana.

Ikichukuliwa kwamba hatua hizo zinashusha jotoridi la betri kwa nyuzi 5 mchana na usiku, kasi ya uzeekaji hushuka kutoka 1.69 hadi 1.19, na umri wa floti hupanda kutoka miaka 5.9 hadi 8.4. Hata hivyo, safari 104 za kila mwaka zipo palepale, na zinaendelea kula asilimia 6.9. Jumla mpya ni asilimia 18.8 kwa mwaka, na maisha ya safu ni miaka 5.3. Faida halisi ni mwaka mmoja na mwezi kama mmoja hivi, wala si miaka miwili na nusu ambayo hesabu ya floti peke yake ingeiahidi. Ikiwa gharama ya bati, nondo na rangi ni ndogo kuliko robo ya bei ya betri nne mpya pamoja na usafiri wake kutoka Musoma au Mwanza, kivuli kinajilipa. Mahali ambapo giza ni la saa sita mara nne kwa wiki, kivuli hichohicho huongeza wiki chache tu, na fedha hiyo ingefaa kuelekezwa kwenye uwezo mkubwa zaidi wa betri ili kina cha kila safari kipungue.